Serikali ikishindwa kulipa, hati fungani ya mzee inakuwaje?

*Baba alistaafu ualimu mwaka jana hapa Mombasa. Kiinua mgongo chake, shilingi milioni 1.8, karibu zote ameikopesha serikali kwa kununua hati fungani za miaka 10 kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hati hizo. Sasa kijana wa jirani amemwambia nchi ikifilisika Wachina watachukua bandari na yeye hatapata hata senti. Rafiki yangu wa benki anacheka, anasema deni la shilingi haliwezi kushindikana kwa sababu serikali inaweza kuchapisha shilingi. Mzee halali. Nani mkweli, na je, auze?*

Wote wawili wamekosea, ila rafiki yako wa benki amekosea kwa namna ya hatari zaidi, kwa kuwa maneno yake yana nusu ya ukweli ndani yake.

Kijana wa jirani kwanza. Serikali haifilisiki kama duka. Duka likielemewa na madeni, mahakama huteua mfilisi, rafu na friji zikapigwa mnada, wadai wakagawana kilichopatikana na mlango ukafungwa. Nchi haina mfilisi wala mahakama ya kuipeleka mnadani. Waliojaribu kukamata mali za serikali kwa nguvu waliambulia kidogo. Argentina ilishindwa kulipa mwaka 2001, na miaka 11 baadaye mfuko mmoja wa wawekezaji wa Marekani uliokataa mapatano ulipata amri ya mahakama ya kuizuia meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, katika bandari ya Tema, Ghana. Meli ile ya matanga ilikaa pale kuanzia Oktoba 2012 hadi Desemba, kisha Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikaamuru iachiwe. Mfuko ule ulikuja kulipwa mwaka 2016, kwa mazungumzo, na si kwa kuuza meli.

Bandari ya Hambantota ya Sri Lanka ndiyo mfano unaotajwa kila mara kwenye vijiwe vya kahawa. Kampuni ya Kichina ililipa takriban dola bilioni 1.12 mwaka 2017 kuikodi kwa miaka 99. Fedha zile ziliingia kwenye akiba ya dola ya nchi, na deni la kujengea bandari halikufutwa. Sri Lanka ilikuja kushindwa kulipa mwaka 2022, kwa sababu iliishiwa dola za kununulia mafuta, dawa na kulipia madeni ya nje. Kwa hiyo mwambie mzee aache kuiwaza bandari. Kama kuna cha kuwaza, kiko ndani ya akaunti yake mwenyewe, na nchi ya kuitazama ni ileile iliyoizuia meli.

Ghana ilishindwa kulipa mwaka 2022, na miongoni mwa walioumia mapema walikuwa watu kama baba yako.

Kabla ya kufika huko, elewa jambo moja ambalo wengi hawalijui. Serikali kwa kawaida hailipi mtaji wa madeni yake kwa kodi. Inalipa kwa kukopa upya. Hati ya bilioni kumi ikiiva Jumatatu, Hazina inakuwa imeuza nyingine ya bilioni kumi wiki iliyotangulia. Ni kama mtu anayeazima kwa Ali amlipe Juma, kisha kwa Salim amlipe Ali. Hakuna ubaya wowote maadamu kuna Salim. Siku Salim anapokataa, au anapotaka riba ambayo makusanyo ya kodi hayawezi kuibeba, mchezo umesimama. Ndiyo maana nchi inaweza kuonekana imara mwezi wa kwanza na kuwa hoi mwezi wa kumi na mbili, ingawa deni lenyewe halikuongezeka sana katikati.

Kwa Ghana, Salim alikataa mwanzoni mwa 2022. Kampuni zinazopima uwezo wa nchi kulipa ziliishusha daraja, na wawekezaji wa nje waliokuwa wakinunua hati zake za dola karibu kila mwaka wakafunga mkoba. Hazina ikageukia soko la ndani, na lilipochoka ikageukia Benki Kuu. Hapo ndipo maneno ya rafiki yako yalipojaribiwa kwa vitendo. Benki Kuu ya Ghana iliikopesha serikali sedi mpya, yaani fedha ya nchi hiyo, na sedi zile zikakimbilia dola chache zilizokuwapo. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilinunuliwa kwa sedi 6 hivi. Kufikia Novemba ilikuwa karibu 15. Mfumuko wa bei wa Desemba ulifika asilimia 54.1.

Kwa hiyo ndiyo, serikali inaweza kuchapisha. Sasa tazama kinachompata mstaafu. Tuseme aliweka sedi 100,000 kwa riba ya asilimia 19, na baada ya mwaka amelipwa kila kitu bila kukatwa: ana 119,000 mkononi. Bei zimepanda kwa asilimia 54, maana yake fedha ile inanunua kile ambacho mwaka uliopita kilinunuliwa kwa sedi 77,000 hivi. Amelipwa kikamilifu kwa mujibu wa karatasi, na karibu robo ya akiba yake imeyeyuka. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba serikali imeshindwa kumlipa. Mimi huita huku kushindwa kulipa kwa kimyakimya, na wasio na ardhi, mifugo wala dola za kujikinga nazo ndio hukipata kisago kikubwa zaidi.

Lakini Ghana haikuishia kwenye kuchapisha. Julai 2022 serikali ilitangaza kwamba inakwenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Shirika hilo haliikopeshi nchi ambayo deni lake halibebeki mpaka ioneshe namna ya kulipunguza, na Wizara ya Fedha yenyewe ilikiri mwezi Desemba kwamba malipo ya madeni yanameza karibu asilimia 70 ya mapato ya kodi. Lilibaki swali la nani akatwe.

Tarehe 30 Oktoba 2022 Rais Nana Akufo-Addo alilihutubia taifa, akawahakikishia wananchi kwamba hakuna mwenye hati za serikali atakayepoteza fedha zake, na kwamba hakutakuwa na kunyoa. Neno hilo la kunyoa ndilo linalotumiwa na watu wa masoko ya fedha kwa kumpunguzia mdai haki yake. Wiki tano baadaye, tarehe 5 Desemba, serikali ilitangaza mpango wa kubadilisha hati fungani za ndani. Waswahili tuna msemo wetu kuhusu mwenzako akinyolewa, sina haja ya kuumalizia.

Hebu tuusome mpango huo kwa macho ya mtu mwenye sedi zake 100,000. Hati yake ya zamani ilikuwa inampa asilimia 19, yaani sedi 9,500 kila baada ya miezi sita, na mtaji ungeiva, tuseme, mwaka 2025. Toleo la kwanza lilisema: rudisha hati hiyo, chukua hati nne mpya zitakazoiva 2027, 2029, 2032 na 2037. Riba ya mwaka 2023 ni sifuri. Ya 2024 ni asilimia 5. Kuanzia 2025 ni asilimia 10. Mtaji haukuguswa hata kidogo, na maofisa walilisema hilo kwa kujiamini, kana kwamba mtaji ndio kila kitu.

Watu wengi hujikwaa hapa, kwa hiyo nitaenda polepole. Fedha ya baadaye si sawa na fedha ya leo, hasa katika nchi ambayo wakati huo dhamana za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi ya serikali, zilikuwa zikilipa takriban asilimia 35. Toleo la mwisho, baada ya mvutano wa miezi miwili, lilikuwa laini zaidi kwa mtu binafsi: asilimia 10 na kusubiri kusikozidi miaka mitano, na kwa waliotimiza miaka 59 asilimia 15. Chukua hilo la asilimia 10. Ukienda kuiuza hati hiyo kwa mtu anayetaka faida ya asilimia 30 kwa mwaka, ambayo kwa siku zile ilikuwa tamaa ya wastani tu, atakupa kama sedi 51,000 kwa hati iliyoandikwa 100,000. Mtaji umeandikwa vilevile, lakini nusu ya thamani imekwenda. Mzee mwenye miaka 70 anayehitaji fedha za dawa mwezi huu hawezi kuila ahadi ya mwaka 2027.

Kwa nini waanze na wa ndani, wakati wa nje ndio waliokuwa wanadai kwa dola? Sababu ni ya kisheria, na ina ubaridi wake. Hati za ndani ziko chini ya sheria za nchi yenyewe, na mkopeshaji mkubwa wa ndani, yaani benki ya biashara, yuko chini ya usimamizi wa serikali hiyohiyo inayomkata. Ni vigumu kumkatalia anayekupa leseni. Wenye hati za dola wako chini ya sheria za Uingereza au New York, wana mawakili wa ghali, na wana muda. Kwao serikali ilitangaza kusitisha malipo tarehe 19 Desemba 2022, mazungumzo yakaendelea hadi Juni 2024, na mabadilishano yakafanyika Oktoba mwaka huo. Walikubali kukatwa asilimia 37 kwenye hati za takriban dola bilioni 13. Nao walinyolewa, tena mtaji wenyewe ukapungua. Tofauti ni kwamba wao walikaa mezani karibu miaka miwili wakipima wembe. Zambia, iliyoshindwa kulipa Novemba 2020 baada ya kukosa riba ya dola milioni 42.5, ilichukua zaidi ya miaka mitatu na nusu kumalizana na wenye hati zake za nje.

Wa ndani walipewa wiki mbili mwanzoni, ingawa tarehe ikasogezwa mara kadhaa. Na hapa kuna somo ambalo halimo kwenye vitabu vya uchumi: waliokuwa na chama waliponea. Vyama vya wafanyakazi vilitishia mgomo wa nchi nzima, na kabla ya mwaka kwisha mifuko ya pensheni ikaondolewa kwenye mpango huo. Watu binafsi, waliokuwa wameachwa nje mwanzoni, wakaingizwa ndani. Nusu ya maelezo ni kwamba shimo lililoachwa na pensheni lilipaswa kuzibwa na mtu.

Februari 2023 wastaafu walianza kwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra, siku baada ya siku, mabango mkononi. Walikuwa watu waliokuwa walimu, wauguzi, wahasibu, watu ambao maishani hawakuwahi kuandamana. Tarehe 10 Februari alijiunga nao Sophia Akuffo, Jaji Mkuu mstaafu, mwenye miaka 73. Mtu ambaye miaka michache nyuma aliongoza mhimili mzima wa serikali amesimama na bango akidai kilicho chake kwa serikali hiyohiyo. Mwezi huohuo serikali ilikubali kwamba wastaafu walioukataa mpango wasilazimishwe. Walibaki na hati zao za zamani, ingawa malipo yalichelewa na ilibidi waendelee kufuatilia.

Walioumia wasiojua hata hati fungani ni nini ni wengi zaidi, ila maumivu yao hayana tarehe wala bango. Benki nyingi ziliandika hasara kwa mwaka 2022, kwa kuwa hati za serikali ndizo zilizokuwa zimejaa vitabuni mwao, na benki iliyojeruhiwa haimkopeshi fundi seremala. Benki Kuu yenyewe ilitangaza hasara ya sedi bilioni 60.8 kwa mwaka 2022, sehemu kubwa ikitokana na madeni ya serikali iliyoyasamehe nusu. Kodi ya ongezeko la thamani ilipandishwa kutoka asilimia 12.5 hadi 15, na tangu Mei 2022 kulikuwa na tozo kwa fedha zinazotumwa kwa simu. Yaani mama muuza samaki ambaye hajawahi kuikopesha serikali hata sedi moja alilipia deni hilo kila alipotuma zaidi ya sedi 100 kwa siku.

Turudi Mombasa sasa. Kenya ilipitia karibu na mlango huohuo. Hati ya dola bilioni 2 iliyokopwa mwaka 2014 ilikuwa inaiva Juni 2024, na mwanzoni mwa mwaka huo dola ilifika karibu shilingi 160 kwa sababu watu wa masoko hawakuwa na hakika kama italipwa. Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine ili inunue mapema sehemu kubwa ya ile ya zamani. Ililipa. Lakini deni la zamani lilikuwa na riba ya asilimia 6.875 na jipya likaja na 9.75. Miezi minne baadaye Mswada wa Fedha ukawaingiza vijana barabarani kuandamana. Kukwepa kushindwa kulipa nako kuna bili yake, na bili hiyo hupelekwa kwa mlipa kodi badala ya mwenye hati. Tofauti hiyo ndiyo iliyomlinda baba yako mwaka ule.

Sasa, auze? Kwa haraka na kwa hofu, hapana. Hati ya miaka 10 inauzwa kwa bei ya soko la siku hiyo. Riba za hati mpya zikiwa juu kuliko yake, atakatwa bei, na atakuwa amejinyoa mwenyewe kabla hajaguswa na mtu. Shida halisi ninayoiona katika barua yako ni karibu chote kuwa sehemu moja na kwa muda mmoja. Mtu aliyestaafu anahitaji fedha za kufikika. Riba inayoingia kila nusu mwaka asiirudishe kwenye hati nyingine ndefu. Aiweke kwanza akiba ya matumizi ya mwaka mzima kwenye akaunti ya kawaida au Sacco anayoiamini, kisha inayobaki aende dhamana za siku 91 au 182. Ghana haikuzigusa dhamana za muda mfupi katika mpango wake, kwa kuwa ilihitaji kuendelea kukopa kupitia hizo kila wiki ili ilipe mishahara. Hiyo si ahadi kwa nchi nyingine, lakini sababu yake ina mantiki popote. Ujue pia kwamba Sacco na benki si kisiwa: nazo zinaweza kuwa zimeweka fedha zake kwa mkopaji huyohuyo.

Kuhusu dalili, usisikilize hotuba. Umeona ile ya Oktoba 2022. Tazama minada ya Benki Kuu, ambayo matokeo yake hutangazwa wazi. Serikali inapotafuta bilioni 40 ikapewa 20, na hali hiyo ikajirudia miezi kadhaa, Salim ameanza kusita. Riba za siku 91 zikipanda hadi kukaribia au kuzipita za miaka 10, maana yake wakopeshaji wanaiogopa kesho ya karibu kuliko ya mbali. Na serikali ikianza kuchukua mkopo mkubwa kwa Benki Kuu yenyewe huku dola ikipanda kila wiki, hapo mfumuko wa bei uko njiani, hata kama kila riba inalipwa kwa wakati. Dalili moja peke yake haitoshi. Zote tatu kwa pamoja zingenifanya nichukue simu.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kukuamulia kwa barua: kama mzee ana deni au ugonjwa unaohitaji fedha kabla hati haijaiva, na kama hati zile ameziweka rehani benki ili apate mkopo. Likiwapo mojawapo, nenda naye ana kwa ana kwa mshauri wa uwekezaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mkiwa na taarifa yake ya DhowCSD iliyochapishwa. Akitaka kujua tu anamiliki nini hasa, tawi la Benki Kuu la Mombasa litamsomea namba ya kila hati, tarehe ya kuiva na siku riba inapoingia. Na akikutana na mtu anayejitolea kumnunulia hati zake kwa fedha taslimu "kabla nchi haijaanguka", amwambie aandike bei hiyo kwenye karatasi, kisha ailinganishe na bei ya hati hiyohiyo sokoni siku hiyo kabla hajatia sahihi popote.